Jipu chini ya sikio la mbuzi: kwa nini sindano hailiponyi, na mfugaji afanye nini kuokoa zizi

Mbuzi ana uvimbe chini ya sikio. Anakula vizuri, anatembea na wenzake, halalamiki hata ukimgusa. Wiki chache baadaye uvimbe unalainika, manyoya yanadondoka juu yake, ngozi inapasuka na usaha mzito unamwagika. Baada ya hapo kidonda kinakauka, na mwenye mbuzi anashukuru kwamba mnyama wake kapona.

Kumbe hapo ndipo tatizo linapoanza. Usaha ulioanguka kwenye samadi ya boma unaweza kuwaambukiza wenzake kwa miezi kadhaa, na mbuzi mwenyewe mara nyingi hubaki na ugonjwa ndani ya mwili hadi siku ya kuchinjwa.

Kwa wafugaji wa Saza, wilaya ya Songwe, hili si jambo dogo. Ukanda huu ambao zamani ulikuwa sehemu ya Chunya, na tangu 2016 uko ndani ya mkoa wa Songwe, una wachimbaji wadogo wa dhahabu na wafugaji wanaoishi jirani. Kwenye familia nyingi mbuzi ndiye akiba ya haraka: ada ya shule, gharama za hospitali na mtaji wa msimu wa kilimo hutoka kwake. Ugonjwa usioua haraka lakini unaozunguka zizini miaka nenda rudi unaila akiba hiyo kimyakimya.

Ni ugonjwa gani huu?

Ni ugonjwa wa majipu ya tezi kwa mbuzi na kondoo. Unasababishwa na bakteria ambaye jina lake la kisayansi lina maana ya "kifua kikuu cha uongo", kwa sababu majipu yake, hasa yale ya kwenye mapafu, yanaweza kufanana na yale ya kifua kikuu. Si mgeni duniani. Mtaalamu wa Kifaransa Edmond Nocard alimtambua mwaka 1888.

Tezi hizi ni kama vituo vya ukaguzi vya mwili. Zipo chini ya taya, chini ya sikio, mbele ya bega, mbele ya goti la nyuma karibu na kiuno, na juu ya kiwele au korodani. Kazi yake ni kuchuja uchafu na vijidudu vinavyoingia kupitia ngozi na mdomo.

Bakteria huyu huingia kupitia mkwaruzo mdogo. Akishaingia hutoa sumu inayofanya mishipa midogo ivuje, na mwanya huo humpeleka hadi kwenye tezi ya karibu. Seli nyeupe za mwili humkamata na kummeza, lakini hazifanikiwi kumuua. Anaishi na kuzaana humo humo ndani ya seli hadi zinapasuka. Mwili ukiona umeshindwa hujenga ukuta mgumu kuzunguka eneo hilo, na ndani ya ukuta huo usaha unajaa polepole. Hilo ndilo jipu.

Kwa kawaida hupita miezi 2 hadi 6 tangu mnyama aambukizwe mpaka uvimbe uonekane. Shika sana hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wafugaji wengi. Mbuzi uliyemnunua leo akiwa safi machoni anaweza kutoa jipu baada ya miezi minne, wakati ambapo umeshasahau ulimtoa wapi.

Utaujuaje?

Anza na mahali uvimbe ulipo. Ukiwa kwenye moja ya sehemu za tezi zilizotajwa, shuku ugonjwa huu. Kwa mbuzi, majipu hupatikana zaidi kichwani na shingoni, yaani chini ya sikio na chini ya taya. Kwa kondoo hupatikana zaidi mbele ya bega na mbele ya goti la nyuma, na manyoya yao hufanya usiyaone mpaka upapase kwa mkono.

Kisha angalia tabia yake. Mwanzoni ni gumu kama jiwe dogo chini ya ngozi. Baadaye linalainika katikati na manyoya yanatoka. Likipasuka, usaha wake ni mzito kama dawa ya meno au jibini laini, rangi nyeupe inayokaribia kijani au njano, na kwa kawaida haunuki sana. Kwa kondoo, jipu la zamani likikatwa huonekana na matabaka kama kitunguu.

Sio kila uvimbe ni ugonjwa huu, na kuna mitatu inayochanganya watu.

Wa kwanza ni ule unaoning'inia chini ya taya, laini kama mfuko wa maji. Ukibonyeza, shimo la kidole linabaki kwa muda. Fungua jicho la mbuzi huyo au angalia fizi zake. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, tatizo mara nyingi ni minyoo inayonyonya damu, na huyo anahitaji dawa ya minyoo haraka. Kuna tofauti nyingine: uvimbe wa minyoo mara nyingi hupungua asubuhi na kuongezeka jioni baada ya kutwa nzima ya kuinamisha kichwa malishoni. Jipu halibadiliki hivyo.

Wa pili ni uvimbe wa shingoni, mbele ya koo, kwa watoto waliozaliwa karibuni. Huo unaweza kuwa rovu, linalotokana na upungufu wa madini joto.

Wa tatu ni jipu mahali palipochomwa sindano au mwiba. Hili halifuati tezi, linakuja ndani ya siku chache, lina joto na linauma, na usaha wake mara nyingi ni mwepesi na unanuka.

Uhakika kamili hutoka maabara. Afisa mifugo anaweza kuvuta usaha kwa sindano kutoka kwenye jipu ambalo halijapasuka na kuupeleka Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo kwa Nyanda za Juu Kusini ina kituo Iringa. Jipu lililokwisha pasuka halifai sana kwa kipimo, kwa sababu vijidudu vingine vya kwenye vumbi vinakuwa vimeshaingia.

Siku jipu linapopasuka

Mbuzi mwenye jipu lililofunga ana hatari ndogo kwa wenzake. Lakini usaha wa jipu moja una bakteria wengi mno, na hawafi haraka. Kwenye udongo na samadi wanaweza kuishi miezi kadhaa, hasa penye kivuli, unyevu na baridi. Jua kali linawaua mapema zaidi, ila ndani ya boma samadi huwafunika.

Sasa fikiria boma lenyewe. Uzio wa matawi ya miiba, mbuzi wamebanana usiku kucha. Aliyepasukwa na jipu anajikuna kwenye nguzo. Usaha unabaki kwenye nguzo na kwenye miiba. Mwingine anakuja kujikuna palepale na kuchubuka. Wa tatu analala juu ya samadi yenye usaha, akiwa na kidonda cha kupe. Mtoto ananyonya kiwele kilicholalia uchafu huo. Maambukizi mengi hupita katika milango hii midogo. Inaaminika pia kwamba majani na vijiti vyenye miiba vinavyochubua mdomo ni sababu mojawapo ya mbuzi kupata majipu zaidi kichwani na shingoni.

Kuna mlango mwingine usioonekana. Baadhi ya wanyama hawatoi jipu la nje kabisa. Majipu yao yako kwenye mapafu, ini au figo. Dalili pekee ni kukonda taratibu, na wakati mwingine kikohozi. Mwenye majipu ya mapafu yaliyopasukia kwenye njia ya hewa anakohoa bakteria moja kwa moja kwa wenzake waliobanana naye. Kwa hiyo ukiwa na jike anayekonda huku anakula na umeshampa dawa ya minyoo, hasa kwenye zizi lenye historia ya majipu, mweke kwenye orodha ya washukiwa.

Mlango wa mwisho ni binadamu mwenyewe: kisu cha kuhasi, koleo la hereni, sindano moja inayochoma mbuzi kumi, na kamba inayohamishwa shingo hadi shingo.

Kwa nini sindano haifanyi kazi?

Hili ndilo linalokula pesa nyingi. Mfugaji anaona jipu, anakimbilia duka la dawa za mifugo, ananunua oksitetrasaiklini au penisilini, anachoma siku tatu au tano. Jipu linabaki vilevile.

Sio kwamba dawa ni feki. Maabara, ukiiweka penisilini pamoja na bakteria hawa, wengi wanakufa. Tatizo ni kuwafikia. Ukuta wa jipu ni mnene na ndani yake hakuna mishipa ya damu. Dawa husafiri kwa damu, hivyo inafika ukutani na kuishia hapo. Isitoshe, bakteria wengine wamejificha ndani ya seli.

Kuna siku jipu linapasuka lenyewe katikati ya dozi, na mfugaji anaamini sindano ndiyo iliyolikomaza. Hapana, lilikuwa limeshafika wakati wake. Na mnyama aliyechomwa antibayotiki hapaswi kuchinjwa wala kukamuliwa kwa ajili ya watu mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Kwa hiyo pesa imetumika, na mnyama hauziki kwa muda huo.

Wapo pia wanaodunga fomalini ndani ya jipu ili likauke. Usifanye hivyo. Fomalini ni sumu, na mnyama huyo ni chakula cha mtu.

Tuchukue zizi la wanyama 40

Ili uone namna ya kudhibiti, tuchukue mfano wa zizi lenye mbuzi 34 na kondoo 6. Mwenye zizi amemwona mbuzi mmoja mwenye jipu linalotoa usaha. Ni mwezi Juni, kiangazi kimeanza.

Hatua ya kwanza ni kumtoa huyo mmoja siku hiyohiyo, kabla ya kitu kingine chochote. Anafungwa mbali, mahali ambapo wengine hawapiti wala hawanywi maji. Samadi ya pale alipolala inakwanguliwa na kuchomwa moto.

Hatua ya pili ni kupapasa wote 39 waliobaki, mmoja mmoja, kwa mkono: chini ya taya, chini ya masikio, mabegani, mbele ya magoti ya nyuma, kiweleni au korodanini. Kwa watu wawili, mmoja akishika na mwingine akipapasa, ni kazi ya asubuhi moja. Tuseme anapata wawili wenye uvimbe mgumu na mmoja mwenye kovu la zamani chini ya sikio. Sasa wagonjwa ni 4 na wanaoonekana wazima ni 36.

Yule mwenye kovu ndiye anayesahaulika. Jipu limepona, ndiyo, lakini mara nyingi jingine hurudi palepale au mahali pengine. Anahesabiwa mgonjwa.

Hatua ya tatu ni kuamua hatima ya hao 4. Njia iliyo salama zaidi kwa zizi ni kuwatoa kwa ajili ya kuchinjwa wakiwa bado na mwili, kabla majipu hayajapasuka, na nyama ipite kwa mkaguzi. Njia mbaya ni kuwapeleka mnadani kama mbuzi wa kufuga. Bei inaweza kuwa nzuri, lakini ugonjwa unahamia zizi la mwenzako. Na kwenye eneo ambalo mabeberu wanaazimwa na mbuzi wanatolewa mahari, baada ya mwaka mmoja au miwili unaweza kukurudia mlangoni.

Kama mmoja wao ni jike wa maziwa au beberu asiyeachika, anabaki, ila kwenye boma lake na hatoki humo kurudi kundini.

Hatua ya nne ni jipu linalokaribia kupasuka. Ukiliacha, litachagua lenyewe mahali pa kupasuka. Ni heri lifunguliwe kwa mpango na afisa mifugo, maana chini ya sikio kuna mishipa mikubwa ya damu na tezi ya mate, na kisu kikikosea kidogo mnyama anaweza kupoteza damu nyingi.

Linafunguliwa likiwa laini na manyoya yametoka, si kabla. Mbuzi anapelekwa nje, mbali na boma. Chini yake kinatandikwa kiroba. Anayefanya kazi amevaa glavu. Jipu linakatwa sehemu ya chini ya ulaini ili usaha utiririke wenyewe, unapokelewa kwenye vitambaa, kisha tundu linasafishwa kwa iodini iliyozimuliwa hadi iwe na rangi ya chai nyepesi. Vitambaa, kiroba na glavu vinachomwa moto. Kisu kinaoshwa kwa sabuni, kisha kinachemshwa dakika 20. Mbuzi anabaki peke yake mpaka kidonda kifunge kabisa na kisitoe majimaji, kwa kawaida wiki 3 hadi 4.

Kumwaga dawa ya kufulia juu ya usaha hakutoshi. Usaha na samadi huimaliza nguvu dawa hiyo kabla haijafikia bakteria. Ondoa uchafu kwanza, ndipo utie dawa.

Hatua ya tano ni boma. Hapa mfugaji wa boma la miiba ana nafuu kuliko mwenye banda la saruji na mbao, kwa sababu anaweza kuhama. Wale 36 wanahamishiwa boma jipya lililojengwa kwa miiba mipya, lisilo na misumari wala waya uliochomoza. Lile la zamani linaachwa, au linalimwa mahindi msimu unaofuata. Mbuzi hawarudi pale.

Hatua ya sita ndiyo inayohitaji uvumilivu: kupapasa tena kila mwezi. Julai hakuna kitu. Agosti wawili wanatoa uvimbe. Oktoba mmoja. Hapa wengi hukata tamaa na kusema mpango umeshindwa. Rudi kwenye ile hesabu ya miezi 2 hadi 6. Hao watatu huenda waliambukizwa kabla ya Juni, wakati zizi lilikuwa bado limechanganyika. Wanatolewa, wanabaki 33.

Kuanzia Novemba hadi Aprili hakuna jipu jipya. Miezi 6 imepita tangu yule wa mwisho. Sasa mwenye zizi anaweza kusema ameukata mzunguko wa nje. Imemchukua karibu mwaka mmoja na wanyama 7 kati ya 40. Ni gharama, lakini ukiuacha, ugonjwa unaweza kuenea kwa sehemu kubwa ya kundi lililokomaa.

Mpango huu una mpaka wake. Kupapasa hakuoni jipu la mapafuni. Ndiyo maana jike anayekonda bila sababu anatolewa pia, na ndiyo maana kupapasa hakukomi baada ya mwaka. Kunapungua tu, mara moja kila miezi mitatu.

Kazi ya kila siku: wazima kwanza

Kwenye zizi lenye makundi mawili, utaratibu ni mmoja tu. Wazima wanahudumiwa kwanza, wagonjwa mwisho. Wazima wanakunywa maji kwanza. Wazima wanaogeshwa kwanza, wakianza wadogo. Mwenye jipu lililopasuka haingii joshoni kabisa, kwa sababu maji ya josho hubeba usaha kwenda kwenye mikwaruzo ya wanaomfuata.

Kwenye sindano, kila mnyama na sindano yake. Ikishindikana, chemsha kati ya mnyama na mnyama, na mwenye uvimbe achomwe wa mwisho. Koleo la hereni lifutwe kwa iodini baada ya kila sikio.

Hili linahusu pia kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025. Kwa mbuzi na kondoo, chanjo ya kampeni hiyo ni ya sotoka. Ni muhimu, lakini haikingi majipu ya tezi. Mbuzi wako akiwa na hereni na amechanjwa, bado anaweza kupata ugonjwa huu.

Mgeni akae kando

Mara nyingi ugonjwa huu huingia zizini ukitembea kwa miguu minne. Kabla ya kulipa mnadani, mpapase mbuzi sehemu zote za tezi na utafute makovu. Muuzaji akikuharakisha, tafuta mwingine. Ikiwezekana nunua kutoka zizi unaloweza kwenda kulitazama lote. Ukiona hata mmoja pale ana jipu, usichukue hata yule aliye safi.

Akifika nyumbani, mfunge kando. Mwezi mmoja unasaidia kuona magonjwa mengi, lakini kwa huu bado ni mfupi. Ukiweza, mweke miezi 2 au zaidi, kisha endelea kumpapasa kila mwezi hadi miezi 6 itimie. Beberu wa kuazima ni mgeni kama mgeni mwingine. Ni afadhali jike apelekwe kwa beberu mahali pa wazi na kurudi siku hiyohiyo kuliko beberu kulala wiki nzima bomani mwako.

Wenzetu waliufanyaje?

Norwe iliamua kuufuta. Kuanzia 2001 wafugaji wa mbuzi wa maziwa huko walianza mpango wa kuondoa magonjwa matatu sugu kwa pamoja, mojawapo likiwa hili la majipu. Watoto walichukuliwa palepale wanapozaliwa, kabla mama hajawalamba. Walilelewa kwenye nyumba safi na kunyweshwa maziwa ya mwanzo ya ng'ombe, kisha maziwa ya unga. Mama zao waliondolewa, mabanda yakasafishwa, na watoto wale wakawa kundi jipya.

Kwa Saza, kulea watoto wote kwa chupa ni mzigo mkubwa. Lakini wazo lenyewe linachukulika: kizazi kipya kitenganishwe na cha zamani. Watoto wa majike wazima wakiachishwa kunyonya, miezi 3 hadi 4, wanahamia boma lao wenyewe na hawarudi kulala na wakubwa. Baadhi wanaweza kuwa wameshaambukizwa wakinyonya, ila wengi zaidi wanaokoka kuliko wakibaki. Wakubwa wanapouzwa mmoja mmoja, zizi linabadilika taratibu kuwa la vijana walio safi.

Australia ilichukua njia nyingine. Kule kondoo hunyolewa manyoya, na mashine ya kunyolea ilikuwa ikikata majipu na kuyasambaza. Walianza kutumia chanjo miaka ya 1980. Imepunguza sana idadi ya majipu, lakini haizuii kabisa, na haimtibu aliyekwisha ambukizwa. Chanjo iliyotengenezwa kwa kondoo pia haifai kuchomwa mbuzi kiholela. Anayekuja na chupa akisema hii inaponya majipu, mpeleke kwanza kwa afisa mifugo.

Nyama, maziwa na mikono yako

Je, nyama ya mbuzi mwenye jipu inaliwa? Uamuzi ni wa mkaguzi wa nyama. Kwa kawaida jipu likiwa moja au mawili na mwili una afya, tezi na nyama inayoizunguka hukatwa na kutupwa, sehemu nyingine inaruhusiwa. Majipu yakiwa yamesambaa kwenye viungo vya ndani na mnyama amekonda, mzoga wote hukataliwa. Mchinjaji asilitumbue jipu kwenye meza ya nyama. Likatwe zima na lizikwe kina ambacho mbwa hawafukui. Utumbo na mapafu yenye majipu wasipewe mbwa.

Maziwa ya jike mwenye jipu kwenye kiwele yasitumike. Ya wengine yachemshwe, kama maziwa yote ya mbuzi.

Binadamu huambukizwa mara chache, lakini huambukizwa. Visa vilivyoandikwa, vingi kutoka Australia, vilikuwa vya watu wanaoshika kondoo na mizoga kila siku. Dalili ni mtoki usiopona, yaani tezi iliyovimba kwapani, shingoni au kinenani kwa wiki nyingi. Ukiwa na mtoki wa namna hiyo na unafuga au unachinja, mwambie daktari kazi yako. Asipojua, anaweza kufikiria kifua kikuu cha tezi tu.

Na watoto wanaochunga wafundishwe jambo moja: jipu la mbuzi halitumbuliwi kwa mwiba malishoni. Wakiliona, watoe taarifa nyumbani siku hiyohiyo, kabla kundi halijarudi kulala bomani.